Msaada wakuu: slaidi za EOQ zinasema madumu 57, mama dukani anachukua 15. Nani yuko sahihi?

mtoto_wa_chamazi
Habari za jioni wakuu. Nasoma Ununuzi na Ugavi, mwaka wa pili. Mhadhiri katupa slaidi za EOQ, kile kiwango nafuu cha kuagiza, kisha akasema kila mtu atafute duka la kweli alifanyie hesabu. Nikachukua duka la mama yangu hapa Chamazi, upande wa mafuta ya kula tu, kwa sababu ndiyo bidhaa anayoifuata mwenyewe Kariakoo.

Hali iko hivi. Anauza madumu ya lita 20 kama matatu kwa siku, mengine mazima, mengine kwa kupima. Kwa siku 360 za mwaka ni madumu 1,080. Bei ya jumla Kariakoo ni 80,000. Kila safari inamgharimu 30,000: kirikuu 25,000, nauli yake ya kwenda na chai 3,000, na 2,000 anamwachia binti anayemshikia duka. Kuli wa kupakia anadai 200 kwa dumu. Gharama ya kukaa na mzigo mhadhiri katuambia tuchukue asilimia 25 ya bei, yaani 20,000 kwa dumu moja kwa mwaka.

Fomula ya kwenye slaidi ni hii:

```
Q = sqrt(2 * D * S / H)
```

Q ni idadi ya kuagiza kwa mara moja, D mauzo ya mwaka, S gharama ya safari moja, H gharama ya kukaa na dumu moja kwa mwaka. Nimepata 57. Mama anachukua 15 kila baada ya siku tano, na ameendesha duka tangu sijazaliwa. Nikimwonyesha 57 anacheka. Naomba mnielekeze, sitaki kwenda kuwasilisha kitu ambacho mama mwenyewe anaona ni kichekesho.

BabuKibubu
Mama yako yuko sahihi, fomula umeiingiza vibaya. Madumu matatu kwa siku ni 90 kwa mwezi. Weka 90 kwenye D, 30,000 kwenye S, 20,000 kwenye H. Unapata 16 na kidogo. Mama anachukua 15. Wazee wana hesabu zao kichwani, nyie wa chuo mnasumbuka na kalkuleta.

Mchambuzi_Stoo
BabuKibubu, umechanganya miezi na miaka. Mauzo umeyapima kwa mwezi, halafu H ya 20,000 ni ya mwaka mzima. Ukitaka kwenda kwa mwezi, ruksa, ila H nayo uigawe kwa 12, iwe kama 1,667. Rudia hapo uone: inarudi 57 ile ile. Nimesahihisha mitihani ya namna hii, na kosa hili ndilo linaloongoza. Dalili yake ni kwamba jibu linatoka dogo kuliko inavyotakiwa kwa karibu mara tatu na nusu.

Kufanana kwa 16 na 15 ni bahati tu, msiijengee hoja.

Kijana, 57 yako ni sahihi kwa namba ulizopewa. Na vizuri hukumweka kuli kwenye S. Kuli analipwa kwa dumu, uchukue 10 au 100 mwisho wa mwaka utamlipa kwa madumu yale yale 1,080. S inabeba kile tu unacholipa kwa sababu umetoka nyumbani kwenda sokoni, hata ukirudi na dumu moja.

Ila usimwonyeshe mama 57, mwonyeshe hii. Nimekupigia gharama za mwaka kwa idadi tofauti, nauli maana yake zile safari, kukaa maana yake mzigo uliolala:

```
Q    safari   nauli       kukaa     jumla
15   72       2,160,000   150,000   2,310,000
35   31       926,000     350,000   1,276,000
57   19       568,000     570,000   1,138,000
90   12       360,000     900,000   1,260,000
```

Angalia mambo mawili. Kwenye 57 nauli na kukaa vinakaribia kulingana, ndivyo fomula inavyofanya kazi siku zote. La pili ndilo ambalo slaidi huwa zinalichora halafu halisemwi: chini pale mchoro ni bapa. Ukitoka 57 ukashuka hadi 35, unaongeza kama 138,000 tu kwa mwaka. Ukipanda hadi 90, hivyo hivyo. Lakini ukishuka hadi 15, gharama inakuwa mara mbili. Kwa hiyo ubishi wa 57 au 50 au 60 hauna maana, mhadhiri akikubana kwenye desimali mwachie. Swali la kweli ni kwa nini mama yuko kule ukutani kwenye 15.

BabuKibubu
Sisi tulifundishwa kwa mwezi.

Mchambuzi_Stoo
Na H nayo ilikuwa ya mwezi, Babu.

kijana_wa_mzunguko
Samahani nimechelewa. Kwa hiyo madumu yakibaki 57 dukani ndiyo anatakiwa aagize mengine? Mbona hapo atakuwa na mzigo wa wiki mbili na zaidi bado?

mtoto_wa_chamazi
Hapana mkuu, 57 ni kiasi cha kuchukua kwa mara moja. Lini aende ni slaidi nyingine kabisa. Mama akiamua leo anapata mzigo leo leo au kesho yake, kwa hiyo akiona yamebaki sita au saba anaenda. Hapo hana tatizo.

Mzee_wa_Kirikuu
Mimi ni dereva, naegesha Kariakoo mwaka wa ngapi sijui. Nimesoma yote haya nikasubiri kuona kama kuna mtu atauliza gari. Hakuna.

Dumu la lita 20 la mafuta ni kilo 18 na ushee bila kuhesabu plastiki. Madumu 57 ni zaidi ya tani moja. Kirikuu hiyo hiyo ya elfu 25 unayoisema haikusudiwi kubeba tani. Wapo wanaopakia, nawaona, springi zimekaa chini na mbele kumenyanyuka, halafu mlima wa kwanza gari linanung'unika. Mimi madumu 35 nafunga turubai naondoka. Zaidi ya hapo nakuambia tuite kirikuu ya pili, au utafute kanta. Kanta kwa Chamazi hakosi 65,000.

Kwa hiyo hiyo elfu 30 yenu inaishia kwenye dumu la 35. La 36 linakuja na bei yake.

Mchambuzi_Stoo
Mzee, umeweka kidole penye kidonda. Fomula hii imetoka kwa Mmarekani Ford Harris, mwaka 1913, na yeye alikuwa anauliza kiwandani vitengenezwe vipande vingapi kwa mkupuo mmoja. Kuandaa mashine kunagharimu kile kile utoe vipande mia au elfu, kwa hiyo kwake S kuwa moja siku zote ilikuwa na mantiki. Kwenye usafiri wa mtaani S inakwenda kwa ngazi: kirikuu moja, kirikuu mbili, kanta.

Ikiwa hivyo huwezi kupiga fomula mara moja ukaondoka na jibu. Unaipiga kwa kila gari, kisha unalinganisha:

Kwa kirikuu, fomula inataka 57 ila gari linakubali 35, kwa hiyo unasimama 35. Gharama ya mwaka 1,276,000.

Kwa kirikuu mbili zikipakia 57, safari inakuwa 60,000 kwa harakaharaka. Gharama inapanda hadi kama 1,707,000.

Kwa kanta, nikiweka 70,000 pamoja na nauli yake na yule binti, fomula yenyewe inabadilika, inataka madumu 87. Gharama 1,739,000.

Jibu la duka hili ni kirikuu moja iliyojaa, madumu 35, kila baada ya siku 11 au 12. Na tazama bei ya kuiacha 57: ni zile 138,000 za mwaka nilizotaja. Ule ubapa wa mchoro ndio unaoturuhusu kufuata gari badala ya fomula.

mtoto_wa_chamazi
Aisee, asanteni sana. Mzee wa Kirikuu shikamoo. Hili la gari halipo kwenye slaidi hata moja.

Mzee_wa_Kirikuu
Marahaba mwanangu. Halipo kwa sababu aliyeziandika hajawahi kulipakia.

DukaLaDawa_Swanga
Mimi nina duka la dawa muhimu huku Sumbawanga, nilijaribu kufuata hiyo EOQ ikanitokea puani. Dawa ya kikohozi ya watoto fomula ilinipa makatoni ya miezi minane. Nilipofungua, tarehe ya mwisho ilikuwa imebaki miezi sita. Wauzaji wa jumla wanakupunguzia bei hasa ile yenye tarehe fupi. Sasa naanza na tarehe iliyoandikwa kwenye katoni, natoa miezi miwili ya tahadhari, najiuliza nitauza ngapi ndani ya muda huo. Fomula ikisema zaidi ya hapo siisikilizi. Mafuta ya kula sijui, ila angalieni.

mtoto_wa_chamazi
Mafuta yanatoka ndani ya wiki mbili mkuu, hayafiki huko. Ila nimelinukuu, kuna mwenzangu kachukua duka la dawa.

dada_wa_vicoba
Mnazungumzia 35 kama vile hela iko kwenye droo. 35 mara 80,000 ni milioni 2.8. Mama ana mtaji gani kwenye mafuta?

mtoto_wa_chamazi
Nimemuuliza. Kwenye mafuta anazungusha kama milioni moja na laki mbili. Ndiyo maana 15. Zingine ziko kwenye unga, sukari na madeni ya wateja. Amesema akitaka kufika 35 itabidi akakope, na mtaani kwetu kinachopatikana haraka ni kausha damu, asilimia 10 kwa mwezi.

BabuKibubu
Basi weka hiyo asilimia 10 kwenye fomula. 8,000 kwa dumu kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka. H ni 96,000 (na safari hii yote ni ya mwaka, msinirukie). Inakuja 26. Akope achukue 26.

dada_wa_vicoba
Babu safari hii vipimo uko vizuri, lakini umesahau kausha damu inavyodai. Fomula inahesabu nusu ya mzigo, kwa sababu siku ya kwanza madumu ni 26 na siku ya mwisho hakuna kitu, wastani 13. Mkopeshaji hajui wastani. Kutoka 15 kwenda 26 umechukua karibu laki tisa, riba yake ni ya hizo laki tisa mwezi mzima, hata kama nusu ya hela umeshaiuza na imelala kwenye kopo unasubiri siku ya kwenda Kariakoo.

Mimi nisingetumia fomula kabisa hapa. Ningepanda ngazi moja moja. Kutoka 15 kwenda 20 anahitaji laki nne zaidi. Safari zinashuka kutoka 72 hadi 54 kwa mwaka, kwa hiyo anaokoa safari 18, ni 540,000, sawa na 45,000 kwa mwezi. Riba ya laki nne kwa kausha damu ni 40,000. Anabakiwa na 5,000 kwa mwezi. Kwa faida hiyo na presha ya kausha damu, kila mtu apime mwenyewe. Kutoka 20 kwenda 25 ni laki nne nyingine, safari zinapungua kama 11, anaokoa 27,000 kwa mwezi, riba bado ni 40,000. Hapo ni hasara tupu.

Ila kama hizo laki nne ni zake mwenyewe, au za mchezo akipokea zamu yake, hesabu inageuka. Kufika 35 anahitaji 1,600,000 na anaokoa nauli kama laki moja kwa mwezi. Niambieni ni wapi pengine mtaani utaweka milioni 1.6 ikuzalishie laki kwa mwezi bila kufungua biashara mpya.

Mchambuzi_Stoo
Hili la nusu ya mzigo dhidi ya mkopo mzima nimelipenda, huwa silioni darasani. Kijana, ukiliweka kwenye wasilisho litetee vizuri, maana kuna watakaokuambia hela iliyorudi kwenye kopo anaweza kununulia unga kwa siku hizo. Na kweli anaweza. Kwa hiyo ukweli uko kati ya 26 ya Babu na 20 ya dada, kutegemea mama anavyozungusha hela.

Mwana_Kongowea
Salaam kutoka Mombasa. Mimi hata sijaelewa kwa nini mama yuwaenda sokoni mwenyewe. Hapa Kongowea gari ya msambazaji hupita mara mbili kwa wiki, yule kijana huandika oda, mafuta huletwa mpaka mlangoni. Mimi huchukua mitungi minne, mitano. Siendi popote, silipi gari. Nikiweka hiyo S yenu ni sufuri, fomula nayo yatoa sufuri, maana yake chukua kidogo kidogo tu kila gari ipitapo. Hakuna wakala huko Chamazi?

mtoto_wa_chamazi
Yupo kaka. Sukari na unga mama anachukua kwa wakala, vinaletwa. Mafuta wakala anauza 82,000, analeta mlangoni bure. Mama anakataa kwa sababu Kariakoo ni 80,000, anasema hawezi kumwachia mtu elfu mbili kwenye kila dumu.

Mchambuzi_Stoo
Subiri kwanza. Elfu mbili?

Chukua 30,000 za safari, gawa kwa madumu 15.

mtoto_wa_chamazi
2,000. Lahaula.

Mzee_wa_Kirikuu
Na kuli.

Mchambuzi_Stoo
Na kuli, mzee. Yule wa mia mbili tuliyemtoa kwenye S anarudi hapa, kwa sababu sasa tunalinganisha sehemu mbili za kununua, na kwa wakala kuli hayupo. Dumu la Kariakoo likifika Chamazi limemgharimu mama 82,200. La wakala ni 82,000, na hakuondoka dukani wala kumlipa binti. Anapochukua 15, Kariakoo haimpi kitu.

Akichukua 35 mambo ni mengine. 30,000 kwa 35 ni kama 860 kwa dumu, pamoja na kuli 1,060. Hapo anampiku wakala kwa 940 kwenye kila dumu, ukizidisha kwa 1,080 inapita kidogo milioni moja kwa mwaka. Toa gharama ya mzigo kukaa, bado anabaki na kitu cha maana.

Kwa hiyo mimi ningemwambia mama hivi: ama ujaze kirikuu, ama umpigie wakala. Hapo katikati, kwenye 15, ndipo pabaya kuliko kote. Na kama mtaji haujafika, anunue kwa wakala madumu sita sita, ile laki saba inayobaki aizungushe kwingine mpaka ifike ya kujaza gari.

dada_wa_vicoba
Hilo nalikubali isipokuwa neno la mwisho. Hela ya mama wa duka "ikizungushwa kwingine" hairudi kuwa milioni 2.8. Inakuwa ada, inakuwa msiba wa jirani. Bora iwe kwenye madumu, dumu halikopeki kirahisi.

Mwana_Kongowea
Hapo umenena. Lakini huyo wakala aaminike. Wetu hapa bei ikipanda sokoni, gari yake haionekani wiki nzima.

mtoto_wa_chamazi
Wakuu nimerudi. Nilimwekea mama hesabu ya elfu mbili kwenye karatasi, hakucheka. Alinyamaza, akaigawa tena mwenyewe kwenye simu, kisha akaleta hoja mbili.

Ya kwanza ni hiyo ya Mwana Kongowea. Wakala wetu mafuta yakiadimika anakata mzigo kwa wanaochukua kidogo. Kariakoo mama ana muuzaji wake anayemhifadhia, na anaogopa akipotea miezi mitatu huyo jamaa atamsahau.

Ya pili sikuijua. Kumbe kirikuu hairudi na madumu tu. Huwa anaweka na katoni sita hadi nane za sabuni ya mche juu yake, kwa sababu gari lina nafasi. Sabuni hiyo kwa wakala ni ghali zaidi ya Kariakoo kwa 1,500 kila katoni.

Mchambuzi_Stoo
Ungeanza na hilo la sabuni! Basi ile 30,000 siyo yote ya mafuta. Katoni nane zikimwokolea 1,500 kila moja ni 12,000 kwa safari, kwa hiyo mafuta yanabeba 18,000 tu. Kwa madumu 15 ni 1,200, na kuli 1,400. Mama anamzidi wakala kwa 600 kwa dumu hata sasa. Nafuta nilichosema kuhusu pabaya kuliko kote.

Ila na mie naona tatizo. Akienda mara chache, kwa mfano kila siku 12, sabuni nayo inabidi iwe ya siku 12, katoni kama 19. Hizo na madumu 35 zinaingia?

Mzee_wa_Kirikuu
Sabuni ya mche ni nzito kuliko mnavyodhani. Haziingii. Labda madumu 25.

Mchambuzi_Stoo
Basi swali siyo tena madumu mangapi, ni aende kila baada ya siku ngapi, na kila bidhaa ipewe kilo zake ndani ya gari moja. Kijana, pata kwanza uzito wa katoni ya sabuni na mauzo yake ya kweli kwa siku, siyo ya kukadiria, kisha urudi.

BabuKibubu
Siku tano, kama anavyokwenda sasa. Nilisema mapema.

mtoto_wa_chamazi
Nitapima katoni kesho kwenye mzani wa unga. Wasilisho ni Alhamisi.